Ile 1 + m₁m₂ inafanya kazi gani? Kupata pembe kati ya mistari miwili kwa miteremko yake

Chukua mistari miwili, mmoja wenye mteremko 0 na mwingine wenye mteremko 1. Wa kwanza umelala sambamba na mhimili wa x, wa pili unapanda kwa nyuzi 45, kwa hiyo pembe kati yao ni nyuzi 45. Sasa chukua mingine miwili, yenye miteremko 10 na 11. Tofauti ya miteremko ni moja, kama mwanzo. Lakini ukiichora kwenye karatasi ya grafu utapata taabu hata kuitofautisha kwa macho, maana pembe kati yake ni kama nusu nyuzi tu.

Tofauti ya miteremko ni ileile, pembe zimeachana mno. Sababu ni kwamba mteremko si pembe. Mteremko ni tanjenti ya pembe ambayo mstari unafanya na mhimili wa x, na tanjenti haikui kwa mwendo mmoja na pembe. Pembe ikitoka nyuzi 0 hadi 45, tanjenti inatoka 0 hadi 1 tu. Katika nyuzi 45 zinazobaki kufika wima, tanjenti inatoka 1 na kupanda bila kikomo. Maana yake, mistari yote yenye mteremko zaidi ya 1, uwe 2 au 2000, imebanana ndani ya nyuzi 45 hizo. Huko juu, hatua moja ya mteremko ni kijipembe kidogo sana.

Kanuni inayoturekebishia jambo hilo ni hii:

```
tan θ = (m₂ − m₁) / (1 + m₁m₂)
```

Ijaribu kwa mifano yetu. Kwa miteremko 0 na 1, kiasi cha sehemu ni 1 na asili, yaani namba ya chini, ni 1 + 0 = 1. Tanjenti ni 1, pembe ni nyuzi 45. Kwa 10 na 11, kiasi kinabaki 1 lakini asili inakuwa 1 + 110 = 111. Tanjenti ni 1/111, na pembe ni nyuzi 0.52 hivi. Kiasi hakikubadilika kabisa. Kazi yote ya kutofautisha hali hizi mbili imefanywa na asili. Wengi tunaikariri kanuni hii tukidhani uhondo uko juu, kwenye kutoa, na ile 1 + m₁m₂ tunaibeba tu kama mzigo wa kukumbuka. Mimi naona mambo ni kinyume chake, na ndiyo maana nitakaa zaidi huko chini.

Inakotoka

Kila mstari usio wima una pembe yake ya mwinamo, ile inayopimwa kutoka upande chanya wa mhimili wa x, kinyume na mwendo wa mikono ya saa, mpaka kuukuta mstari. Tuiite α₁ kwa mstari wa kwanza na α₂ kwa wa pili, tukichukulia α₂ ndiyo kubwa. Mistari hii ikikutana juu ya mhimili wa x, yenyewe pamoja na mhimili inafanya pembetatu. Ndani ya pembetatu hiyo α₁ ni pembe ya ndani, α₂ ni pembe ya nje, na θ tunayoitafuta iko kileleni. Pembe ya nje ya pembetatu ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zisizopakana nayo, kwa hiyo α₂ = α₁ + θ, yaani θ = α₂ − α₁.

Mistari ikikutana chini ya mhimili, au ikikutana mbali hata nje ya karatasi, hakuna kinachoharibika. Kuusogeza mstari bila kuugeuza hakubadilishi mwinamo wake, kwa hiyo unaweza kuivuta yote miwili mpaka ikutane kwenye nukta ya asili (0, 0) na pembe ikabaki ileile. Ndiyo sababu katika y = mx + c, ile c haionekani popote kwenye kanuni.

Kilichobaki ni tanjenti ya tofauti. Kwa sini na kosini tunajua:

```
sin(α₂ − α₁) = sin α₂ cos α₁ − cos α₂ sin α₁
cos(α₂ − α₁) = cos α₂ cos α₁ + sin α₂ sin α₁
```

Gawanya mstari wa juu kwa wa chini, halafu gawanya kila kipande, juu na chini, kwa cos α₁ cos α₂. Juu kunabaki tan α₂ − tan α₁. Chini, kipande cha kwanza kinagawanywa kwa chenyewe na kuwa 1, cha pili kinakuwa tan α₁ tan α₂. Weka m₁ na m₂ mahali pa tanjenti, na kanuni imekamilika.

Uthibitisho huo ni sahihi, lakini haukuonyeshi 1 + m₁m₂ ni kitu gani kwenye mchoro. Kuna njia nyingine inayokuonyesha, na haihitaji hata kuijua kanuni ya tofauti ya tanjenti.

Pitisha mistari yote miwili kwenye O(0, 0), kisha chora mstari wima x = 1. Mstari wa kwanza unaukata kwenye P(1, m₁) na wa pili kwenye Q(1, m₂), Q ikiwa juu ya P. Tazama pembetatu OPQ. Kitako chake PQ kimesimama wima na urefu wake ni m₂ − m₁. Kimo chake, kutoka O hadi mstari x = 1, ni 1. Kwa hiyo eneo lake ni nusu ya (m₂ − m₁). Lakini eneo la pembetatu ni pia nusu ya zao la pande mbili na sini ya pembe iliyo kati yake. Tukilinganisha:

```
OP · OQ · sin θ = m₂ − m₁
```

Sasa tumia kanuni ya kosini kwenye pembetatu hiyohiyo: PQ² = OP² + OQ² − 2·OP·OQ·cos θ. Kwa Pithagorasi, OP² ni 1 + m₁² na OQ² ni 1 + m₂², huku PQ² ikiwa (m₂ − m₁)². Ukifungua mabano, m₁² na m₂² zinafutana pande zote mbili, na kinachobaki ni:

```
OP · OQ · cos θ = 1 + m₁m₂
```

Gawanya mlinganyo wa kwanza kwa wa pili: OP na OQ zinafutika, na tan θ inajitokeza. Kumbe namba ya juu inabeba sini ya pembe na namba ya chini inabeba kosini yake, zote zikiwa zimezidishwa kwa urefu uleule OP·OQ, ambao daima ni chanya. Basi alama ya 1 + m₁m₂ ndiyo alama ya kosini. Ikiwa chanya, pembe POQ ni kali. Ikiwa hasi, pembe POQ ni butu. Ikiwa sifuri, pembe ni mraba, na hapo ndipo ule usemi kwamba mistari hukutana kwa pembemraba pale m₁m₂ = −1 unapotoka. Si kanuni nyingine ya kukariri kando. Ni hii hii, asili yake ikiwa sifuri.

Vijiti vinavyofuta habari

Katika madaftari mengi kanuni huandikwa ikiwa imezungukwa na vile vijiti viwili vinavyoondoa alama ya hasi:

```
tan θ = | (m₂ − m₁) / (1 + m₁m₂) |
```

Kwa swali linalouliza pembekali kati ya mistari miwili, hiyo inatosha. Mistari miwili ikikatana inafanya pembe nne, mbili kali zinazolingana na mbili butu zinazolingana, na vijiti vinahakikisha unachukua ile kali. Tatizo linaanza swali linapohusu pembe fulani mahususi, kwa mfano pembe ya ndani ya pembetatu, ambayo huenda ikawa butu. Hapo vijiti vimekwisha kuifuta habari uliyokuwa unaihitaji.

Tuchukue pembetatu yenye vipeo A(1, 2), B(4, 3) na C(6, 6). Mteremko wa AB ni 1/3, wa BC ni 3/2, na wa AC ni 4/5.

Pembe ya A iko kati ya AB na AC. Tofauti ya miteremko ni 4/5 − 1/3 = 7/15, na asili ni 1 + 4/15 = 19/15. Tanjenti ni 7/19, pembe ni nyuzi 20.22.

Pembe ya C iko kati ya AC na BC. Tofauti ni 3/2 − 4/5 = 7/10, asili ni 1 + 12/10 = 22/10. Tanjenti ni 7/22, pembe ni nyuzi 17.65.

Pembe ya B iko kati ya AB na BC. Tofauti ni 3/2 − 1/3 = 7/6, asili ni 1 + 1/2 = 3/2. Tanjenti ni 7/9, pembe ni nyuzi 37.87.

Jumlisha: 20.22 + 17.65 + 37.87 ni 75.74. Pembetatu gani hiyo ya nyuzi 75? Hesabu zote tatu hazina kosa la kujumlisha wala kuzidisha, na hata mwenye kusahihisha kwa haraka anaweza kuzipitisha. Anayekumbuka kujumlisha ndiye anayeshtuka. Kilichotokea ni kwamba kwenye B kanuni imetupa pembe ya jirani, si ya ndani. Pembe ya ndani ni 180 − 37.87 = 142.13, na sasa jumla ni 180 kamili.

Lakini kwa nini B, na si A wala C? Mteremko ni mali ya mstari mzima. Haujui upande wako wa pembetatu unaelekea wapi. AB ina mteremko 1/3 iwe unatoka A kwenda B au unarudi. Kwenye mchoro wetu wa O, P na Q, mikono yote miwili ya pembe ilielekea kulia, kwa sababu P na Q zote ziko kwenye x = 1. Kanuni inapima pembe hiyo ya mikono inayoelekea kulia. Simama kwenye A(1, 2): B iko kulia kwako, na C iko kulia. Kanuni inakupa pembe ya ndani moja kwa moja. Simama kwenye C(6, 6): A na B zote ziko kushoto. Mikono miwili ya kushoto inafanya pembe sawa na mikono miwili ya kulia, maana ni pembe zinazotazamana, kwa hiyo hapo pia uko salama. Simama kwenye B(4, 3): A iko kushoto, C iko kulia. Mkono mmoja umegeuzwa, na pembe ya ndani ni ile inayokamilisha nyuzi 180.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuviweka vijiti juu peke yake:

```
tan θ = |m₂ − m₁| / (1 + m₁m₂)
```

Acha alama ya asili iongee. Ikitoka hasi, kikokotoo kitakupa pembe hasi. Ongeza 180 na utapata pembe butu halisi kati ya mikono ya kulia. Kwa mfano miteremko 3 na −2: juu kuna 5, chini kuna 1 − 6 = −5, tanjenti ni −1. Kikokotoo kinasema −45, ukiongeza 180 unapata 135. Ndivyo ilivyo: mkono mmoja unapanda kulia kwa nyuzi 71.57, mwingine unashuka kulia kwa nyuzi 63.43, jumla 135. Baada ya hapo ndipo uangalie kwenye kipeo chako kama upande wowote umegeukia kushoto huku mwingine uko kulia. Kama ndivyo, toa kwenye 180.

Umeona pia kwamba 7 ilijirudia juu ya sehemu zote tatu? Haikuwa bahati. Kwa mlinganyo wetu wa kwanza, namba ya juu inatokana na eneo, na pembetatu ina eneo moja tu utakapoitazama kutoka kipeo chochote. Eneo la ABC ni 3.5, na 7 ni mara mbili yake.

Wanaoandika programu za kompyuta wanaukwepa mtego huu wote kwa kuachana na miteremko. Badala ya mteremko wanachukua hatua mbili za kila upande, ya mlalo na ya wima. Kutoka B kwenda A ni (−3, −1), kutoka B kwenda C ni (2, 3). Kisha namba ya juu na ya chini zinapelekwa kando kando, bila kugawanywa, ili alama zisipotee:

```python
import math
juu = abs((-3)*3 - (-1)*2)
chini = (-3)*2 + (-1)*3
print(math.degrees(math.atan2(juu, chini)))
```

Hapa `juu` ni 7 na `chini` ni −9, na jibu linatoka kama 142.125, bila kurekebisha chochote. Ni ile 7/9 yetu, ila sasa hasi imebaki mahali pake.

Mstari wima na jibu linalotoroka

Asili ikiwa sifuri, kikokotoo kinaandika `Math ERROR`, na mwanafunzi anadhani amekosea kubonyeza. Hakukosea. Tanjenti ya nyuzi 90 haina thamani, na pembe ni mraba. Hilo ni rahisi.

Mstari wima ni jambo jingine, kwa sababu wenyewe hauna mteremko wa kuingiza kwenye kanuni. Tuseme unataka pembe kati ya x = 3 na y = 2x + 1. Gawanya kanuni juu na chini kwa m₂: inakuwa (1 − m₁/m₂) juu ya (1/m₂ + m₁). Sasa acha m₂ ikue bila kikomo, kama mstari unavyosimama. Vipande vyenye m₂ chini yake vinapotea, na kinachobaki ni 1/m₁. Kwa mfano wetu tanjenti ni 1/2 na pembe ni nyuzi 26.57. Unaweza kuhakiki kwa njia fupi: mstari wa mteremko 2 unafanya nyuzi 63.43 na mhimili wa x, na 90 − 63.43 ni 26.57.

Mstari wima unajificha pia kwenye swali la kinyume, lile linalokupa pembe na kukuuliza mteremko. Tafuta mistari inayofanya nyuzi 45 na mstari wa mteremko 2. Lazima ufungue njia mbili, kwa maana mstari unaweza kuinama upande huu au ule:

```
(m − 2) / (1 + 2m) = 1     →   m = −3
(m − 2) / (1 + 2m) = −1    →   m = 1/3
```

Majibu ni mawili, na zao lake ni −1, kama inavyopaswa, kwani mistari miwili iliyo nyuzi 45 kila upande wa mmoja inaachana kwa 90. Anayeandika njia moja tu anapoteza nusu ya jibu.

Lakini badilisha mteremko uwe 1 badala ya 2. Njia ya pili inatoa m = 0. Njia ya kwanza inasema m − 1 = 1 + m, yaani −1 = 1, jambo lisilowezekana. Wengi huandika hapa kwamba kuna jibu moja. Mstari wa pili upo: ni ule wima, unaofanya nyuzi 45 na mstari wa mteremko 1 bila ubishi. Umetoroka kwa sababu tuliutafuta kwa jina la m, na wenyewe hauna m. Kila m inapofutika pande zote mbili na kukuachia upuuzi wa namna hiyo, fikiria mstari wima kwanza.

Pale ambapo kanuni haikubali kutumika

Rudi kwenye asili: 1 + m₁m₂. Ile 1 ni namba tupu. Huwezi kuijumlisha na kitu chenye kipimo. Kama m₁ na m₂ ni kilomita kwa saa, zao lake ni kilomita mraba kwa saa mraba, na kuongeza 1 juu yake hakuna maana yoyote. Kwa hiyo grafu ya umbali na muda ina miteremko, na miteremko yake ina maana nzuri ya mwendokasi, lakini pembe kati ya mistari yake haina maana. Ukibadilisha saa kuwa dakika kwenye mhimili wa mlalo, pembe unayoiona kwenye karatasi inabadilika, na magari ni yaleyale. Kanuni inadai mihimili yote miwili iwe na kipimo kimoja na skeli moja.

Skeli ndiyo inayowanasa watu hata pale ambapo vipimo ni sawa. Wahandisi wa barabara huchora wasifu wa njia, yaani jinsi barabara inavyopanda na kushuka, kwa skeli mbili tofauti: kwa kawaida mlalo 1:1000 na wima 1:100, ili vilima vionekane. Wima umekuzwa mara kumi. Chukua barabara inayopanda kwa asilimia 6 hadi kileleni, kisha inashuka kwa asilimia 4. Miteremko halisi ni 0.06 na −0.04. Juu kuna 0.10, chini kuna 1 − 0.0024 = 0.9976, tanjenti ni 0.1002, na barabara inapinda kwa nyuzi 5.72. Sasa weka protrakta kwenye mchoro. Hapo miteremko imekuwa 0.6 na −0.4, juu kuna 1, chini kuna 1 − 0.24 = 0.76, tanjenti ni 1.316, na protrakta itasoma kama nyuzi 52.8. Skeli ilizidishwa kwa kumi, lakini pembe haikuzidishwa kwa kumi, kwa hiyo huwezi hata kusoma pembe ya mchoro na kuigawanya kwa kumi ukadhani umepata ya kweli. Lazima urudi kwenye miteremko halisi.

Mfano huo unaonyesha pia kwa nini wahandisi hao, wanapopanga mkunjo wa kileleni, hufanya kitendo tulichokikataa mwanzoni: wanatoa mteremko kwa mteremko na kusema tofauti ni asilimia 10, basi. Kwa miteremko midogo ya barabara asili ni 0.9976, karibu sana na 1, na pembe ndogo ikipimwa kwa radiani inakaribiana na tanjenti yake. Kutoa kwa kawaida kunatosha pale mistari yote miwili inapokaribia kulala. Kwa 10 na 11 hakutoshi hata kidogo.

Pembetatu isiyochoreka kwenye grafu

Kuna jambo moja ambalo kanuni hii inalithibitisha kwa mistari michache, na ambalo ukilijaribu kwa rula na penseli unaweza kuhangaika nalo jioni nzima. Chukua karatasi ya miraba. Chagua nukta tatu, kila moja kwenye makutano ya mistari, yaani majira yake yote yawe namba kamili. Je, unaweza kupata pembetatu yenye pande zote sawa?

Jaribu (0, 0), (8, 0) na (4, 7). Inaonekana sawa kabisa kwa macho. Mteremko wa upande wa kushoto ni 7/4, na pembe yake na kitako ni nyuzi 60.26. Imekosa kidogo. Ongeza ukubwa: (0, 0), (30, 0) na (15, 26). Mteremko ni 26/15, pembe ni nyuzi 60.02. Karibu zaidi, lakini bado.

Haitafika kamwe. Majira yakiwa namba kamili, mteremko wa kila upande ni sehemu ya namba kamili juu ya namba kamili, au upande ni wima. Ukiweka sehemu mbili za namna hiyo kwenye kanuni, unatoa, unazidisha, unajumlisha moja na kugawanya. Kila hatua inazaa sehemu ya namna ileile. Upande mmoja ukiwa wima, tanjenti ni 1/m, nayo ni sehemu vilevile. Asili ikiwa sifuri, pembe ni 90. Hakuna njia nyingine ya kutokea. Lakini tanjenti ya nyuzi 60 ni kipeuo cha pili cha 3, namba isiyoweza kuandikwa kama sehemu ya namba kamili mbili. Kwa hiyo hakuna mistari miwili kupitia makutano ya grafu inayofanya nyuzi 60, wala nyuzi 120, na hata nyuzi 30 haipatikani, kwa kuwa tanjenti yake ni 1 juu ya kipeuo hichohicho. Nyuzi 45 zinapatikana tele, kama tulivyoona kwa 3 na −2.

Sababu hiyohiyo inafanya kazi kwenye kioo cha simu au kompyuta, ambacho nacho ni gridi ya vitone. Mchoraji akiweka vipeo vitatu katikati ya vitone vitatu, hata kioo kiwe na vitone vingi kiasi gani, pembetatu ya pande sawa atakayoionyesha itakuwa imepinda kidogo mahali fulani.